Dola 38 Ziligawanywaje? Hesabu ya Toleo la Hisa la Facebook

Kwenye ukurasa wa mbele wa waraka wa matarajio wa Facebook, wenye tarehe 17 Mei 2012, kuna jedwali dogo. Bei kwa umma ni dola 38 kwa hisa. Makato na kamisheni ya wadhamini ni dola 0.418. Mapato ya Facebook ni dola 37.582, na mapato ya wanahisa wanaouza ni hizo hizo dola 37.582. Habari iliyosambaa duniani wiki ile ilikuwa moja: Facebook imekusanya dola bilioni 16. Jedwali lilikuwa linasema jambo jingine, na lilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kusoma.

Ninalirudia jedwali lile kila nikiulizwa jinsi kampuni inavyouza hisa zake kwa mara ya kwanza, kwa sababu maswali yote matatu ambayo mnunuzi anapaswa kuuliza yamo ndani yake. Bei imetoka wapi? Aliyeuza kwa niaba ya kampuni amekata kiasi gani? Na fedha iliyobaki imeingia mfukoni mwa nani?

Tuanze na bei, maana huko ndiko Afrika Mashariki tumezoea njia tofauti. Vodacom Tanzania ilipouza hisa milioni 560 mwaka 2017, bei ilitangazwa mapema, shilingi 850, na kila mnunuzi akaikuta imekwisha kuandikwa kwenye fomu. Njia hii ni nyepesi kueleweka, na mtu wa Tandahimba analipa sawa na mtu wa Masaki. Udhaifu wake ni kwamba anayepanga bei anaipanga kabla hajasikia sauti ya wanunuzi. Katika toleo lile muda wa kuuza uliongezwa, na mlango ukafunguliwa hata kwa wanunuzi wa nje ya nchi, kwa kuwa wa ndani hawakuzimaliza hisa zote. Safaricom mwaka 2008 ilikuwa kinyume chake. Hisa bilioni 10 zilitolewa kwa umma na maombi yakafurika mara kadhaa ya kilichokuwepo, hadi fedha nyingi zikabidi zirudishwe kwa waombaji.

Lakini toleo lile la Safaricom lilikuwa na sehemu ya pili ambayo wengi hawaikumbuki. Wakenya walilipa shilingi 5 kwa hisa. Taasisi za nje hazikupangiwa bei. Ziliulizwa zitalipa ngapi, majibu yao yakakusanywa, na mwishowe zikalipa shilingi 5.50. Hisa ni zile zile, wiki ni ile ile, ila bei mbili, kwa sababu upande mmoja bei ilitangazwa na upande mwingine ilitafutwa. Huko kuitafuta ndiko kunakoitwa kujenga daftari.

Daftari ni daftari kweli, ingawa siku hizi liko ndani ya kompyuta. Benki inayoongoza uuzaji hutangaza kwanza bei ya chini na bei ya juu. Kisha wakuu wa kampuni husafiri mji hadi mji wakikutana na mifuko ya pensheni, kampuni za bima na mifuko ya uwekezaji, wakieleza biashara yao na kujibu maswali. Baada ya kila mkutano mnunuzi huiambia benki anataka hisa ngapi na kwa bei ipi. Wapo wanaosema, "Nipe hisa hizi kwa bei yoyote mtakayofikia." Wengine wanaweka kikomo, kwamba juu ya bei fulani wahesabiwe hawamo. Majibu haya si mkataba. Mnunuzi anaweza kuyabadili au kuyafuta mpaka siku bei inapokatwa.

Chukua mfano mdogo. Kuna hisa 100 za kuuza. Mfuko wa pensheni unataka 40 kwa bei yoyote. Kampuni ya bima inataka 30, mwisho dola 36. Mfuko mwingine unataka 50, mwisho dola 34. Wa nne anataka 60, mwisho dola 31. Ukiweka bei dola 36, waliobaki mezani ni wawili na maombi ni 70, kwa hiyo hisa 30 hazina mwenyewe. Ukishuka hadi 34, wa tatu anaingia na maombi yanafika 120. Ukishuka hadi 31 yanakuwa 180. Bei ya juu kabisa inayomaliza hisa zote ni 34. Benki makini haitaridhika na hesabu hiyo tu, kwa kuwa inataka wabaki watu ambao hawakushiba, watakaoendelea kununua sokoni kesho yake. Inaweza kuchagua 33 au hata 32, na ikampa mgao mnono yule inayemjua kuwa hatauza hisa zake siku ya kwanza.

Hapo ndipo ugonjwa wa daftari unapozaliwa. Mnunuzi anayejua kwamba mgao utapunguzwa ataomba hisa 100 huku akitaka 20 tu. Wakifanya hivyo watu wengi kwa pamoja, daftari linavimba. Kiongozi wa uuzaji anaona maombi mara tano ya hisa zilizopo na kudhani ana wanunuzi mara tano. Kazi yake ngumu ni kupima njaa ya kweli katika maombi hayo, na hakuna kanuni ya hesabu inayoweza kumfanyia.

Facebook ilianza kwa kutangaza bei kati ya dola 28 na 35. Morgan Stanley ndiyo iliyoongoza, ikifuatwa na JPMorgan na Goldman Sachs, na kwa jumla wadhamini walikuwa 33. Maombi yalikuja kwa wingi, hasa kutoka kwa watu wa kawaida waliokuwa wakiitumia Facebook kila siku. Tarehe 15 Mei bei ilipandishwa hadi kati ya 34 na 38. Kesho yake idadi ya hisa nayo iliongezwa, kutoka takriban milioni 337 hadi milioni 421. Tarehe 17 bei ikakatwa juu kabisa, dola 38.

Kupandisha bei ni jambo la kawaida daftari likijaa. Kuongeza hisa pia. Kuyafanya yote mawili ndani ya siku tatu ni kutumia njaa ile ile mara mbili, kwa sababu kila hisa inayoongezwa humshibisha mtu ambaye angekuwa mnunuzi wa kesho. Na hizo hisa milioni 84 zilizoongezwa hazikutoka kwa kampuni. Zilitoka kwa wanahisa wa zamani. Watu waliokuwa ndani waliamua kuuza zaidi wakati watu wa nje walikuwa wanasukumana kuingia. Ningekuwa mnunuzi wiki ile, ningetaka mtu aninong'oneze jambo hilo moja kabla sijatoa fedha.

Kulikuwa na jingine. Tarehe 9 Mei, katikati ya safari za kutafuta wanunuzi, Facebook ilirekebisha waraka wake na kueleza kwamba watumiaji wanahamia kwenye simu kwa kasi kuliko matangazo yanavyoongezeka huko. Wachambuzi wa baadhi ya benki zilizokuwa zinauza hisa hizo walipunguza makadirio yao ya mapato, na habari hiyo ikawafikia wawekezaji wakubwa kwa mdomo. Mnunuzi mdogo hakupigiwa simu. Desemba ya mwaka huo mamlaka ya jimbo la Massachusetts iliitoza Morgan Stanley faini ya dola milioni 5 kwa mwenendo wake kuhusu wachambuzi katika toleo hilo, na benki ikalipa bila kukiri wala kukana kosa. Daftari lilijengwa na watu waliokuwa wanasoma kurasa tofauti.

Turudi kwenye zile dola 38, tuone benki ilikata nini.

Watu wengi hudhani benki hulipwa ada kama wakili, kwamba kazi ikiisha inaleta ankara. Katika toleo lenye udhamini kamili mambo hayaendi hivyo. Benki hununua hisa zote kutoka kwa kampuni kwa bei moja, halafu huziuza kwa umma kwa bei nyingine iliyo juu kidogo. Ujira wake ni pengo la bei hizo mbili. Wadhamini wa Facebook walinunua kwa dola 37.582 na kuuza kwa 38, na pengo likawa dola 0.418, yaani asilimia 1.1 ya bei. Ukizidisha kwa hisa 421,233,615 unapata takriban dola milioni 176.

Pengo hilo linalipia vitu vitatu. Kuna kazi ya kuongoza na kuandaa toleo, kuna hatari ya kubaki na hisa zisizonunuliwa, na kuna kamisheni ya wale wanaotafuta wanunuzi mmoja mmoja. Desturi ya Marekani ni kwamba hiyo ya tatu huchukua sehemu kubwa kuliko nyingine. Hatari ya kubaki na hisa ipo, ila katika toleo la daftari ni ndogo kuliko inavyosikika. Mkataba wa udhamini hutiwa saini baada ya daftari kujaa na bei kukatwa, usiku wa kuamkia siku ya soko. Benki inaahidi kununua kitu ambacho inajua kimekwisha kupata wenyewe. Ahadi hiyo ingekuwa nzito kweli kama ingetolewa wiki tatu kabla.

Asilimia 1.1 ni ndogo mno. Kampuni za kati zinazoingia sokoni Marekani zimezoea kukatwa asilimia 7. Utafiti wa Hsuan-Chi Chen na Jay Ritter, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba katika matoleo ya kati ya dola milioni 20 na 80, zaidi ya asilimia 90 yalikuwa na pengo la asilimia 7 kamili, si 6.8 wala 7.1. Facebook ilikuwa na ukubwa na jina la kuzifanya benki zishindane. Kama ingekatwa asilimia 7, kila hisa ingeacha dola 2.66 njiani, na kwa hisa milioni 180 za kampuni hiyo ni dola milioni 478.8 badala ya milioni 75.24. Tofauti hiyo ya zaidi ya dola milioni 400 imejificha ndani ya sentensi moja ya mkataba.

Sasa tufike mahali panapowachanganya wengi, hata watu wa fedha. Ni ile haki ya mgao wa ziada.

Mwombe mfanyabiashara wa mahindi akusaidie kuelewa. Amekubaliana na mkulima kuuza magunia yake 100 kwa shilingi 60,000 kila moja. Lakini yeye anapokea oda za magunia 115 na kuchukua fedha za yote. Magunia 15 hana. Ameuza asichokuwa nacho, na lazima ayapate kabla wateja hawajabisha hodi. Kwa hiyo kabla ya kuanza ameandikiana na mkulima: ndani ya siku 30, nikitaka, utaniuzia magunia mengine 15 kwa bei ile ile tuliyopatana, kamisheni yangu ikiwa imetolewa. Nisipotaka, basi.

Wiki inayofuata bei sokoni Kibaigwa ikipanda hadi 75,000, hana wasiwasi. Anakwenda kwa mkulima, anatumia haki yake, anachukua 15 kwa bei ya zamani na kuwakabidhi wateja. Bei ikishuka hadi 50,000, hamsumbui mkulima. Anakwenda Kibaigwa na kununua 15 kwa 50,000, anawapa watu waliokwisha kumlipa 60,000, na 10,000 kwa kila gunia inabaki kwake. Kule kununua kwake magunia 15 siku soko linapoanguka ndiko kunakoizuia bei isianguke zaidi. Hilo ndilo lengo ambalo sheria imeliruhusu: benki iwe na sababu na uwezo wa kununua hisa wakati kila mtu anauza.

Haki hii ilianzia katika toleo la kampuni moja ya viatu ya Boston iliyoitwa Green Shoe, miaka ya 1960, na mpaka leo wenye soko la hisa duniani huiita kwa jina la kiatu hicho cha kijani. Kiwango chake cha kawaida ni asilimia 15 ya toleo. Kwa Facebook kilikuwa hisa 63,185,042, ambazo ndizo asilimia 15 ya hisa 421,233,615.

Asubuhi ya tarehe 18 Mei 2012 biashara ilichelewa kuanza kwa sababu ya hitilafu katika mitambo ya soko la Nasdaq. Ilipoanza, bei ilifunguka dola 42.05, ikagusa 45, kisha ikateremka. Ilipofika 38 ikasimama kama iliyofika sakafuni. Sakafu hiyo walikuwa wadhamini, waliokuwa wakinunua hisa kwa dola 38 ili bei isipite chini. Siku ilifungwa kwa dola 38.23. Jumatatu bei iliangukia 34.03, na Jumanne ikafunga 31.

Hapa watu hukosea kuhesabu. Wadhamini walikuwa wamekwisha kuuza hisa zote, zile za msingi na za ziada, kwa dola 38. Kila hisa waliyoinunua kwa 38 Ijumaa ile ilipunguza deni lao kwa hisa moja, bila faida wala hasara. Kila waliyoinunua siku zilizofuata kwa chini ya 38 iliwapa faida. Kwa hisa milioni 63, kila dola 1 chini ya bei ya toleo ni takriban dola milioni 63. Vyombo vya habari vya Marekani vilikadiria kwamba walipata karibu dola milioni 100 kwa njia hiyo. Kama bei ingebaki juu nao wangetumia haki yao, wangepata lile pengo la kawaida tu, dola 0.418 mara 63,185,042, ambalo ni dola milioni 26.4. Kwa maneno mengine, katika sehemu hii ya kazi, toleo lililododa liliwalipa wadhamini kuliko toleo ambalo lingefanikiwa. Sidhani kwamba walitaka lidode, kwa kuwa aibu iliyowapata haikuwa ndogo. Lakini mnunuzi ana haki ya kujua kwamba yule anayeshikilia bei isianguke hapotezi ikianguka.

Ana haki pia ya kujua kwamba sakafu ile ina mwisho. Wadhamini wanaweza kununua kwa utulivu mpaka deni lao la hisa liishe. Baada ya hapo kila hisa wanayonunua ni mzigo wao wenyewe. Bei inayosimama kwenye namba ile ile ya toleo kwa saa nyingi, bila kupita hata senti chini, ni dalili kwamba kuna mkono umeishika. Aliyeiona Facebook ikiganda kwenye 38 Ijumaa mchana aliona mkono huo, na Jumatatu aliona ulivyolegea.

Upande wa pili wa sarafu tuliuona Septemba 2014, Alibaba ilipouza hisa 320,106,100 kwa dola 68. Siku ya kwanza zilifunga dola 93.89. Wadhamini walikuwa wameuza ziada ya hisa 48,015,900. Kama wasingekuwa na haki ya kuzichukua kwa wauzaji, wangelazimika kuzinunua sokoni kwa hasara ya dola 25.89 kila moja, jumla takriban dola bilioni 1.24. Waliitumia haki yote, na toleo likakua kutoka dola bilioni 21.8 hadi bilioni 25. Saudi Aramco nayo iliuza hisa bilioni 3 kwa riyali 32 Desemba 2019, na Januari iliyofuata ikathibitisha kwamba hisa milioni 450 za ziada zimechukuliwa, jumla ikafika riyali bilioni 110.4. Ukikuta namba mbili tofauti za toleo moja kwenye magazeti, sababu mara nyingi ni hii. Moja ni kabla ya hisa za ziada, nyingine ni baada.

Imebaki hesabu ya mwisho, ya fedha iliyofika kwa kampuni. Chukua kwanza kampuni ya kubuni yenye namba za mviringo. Inatoa hisa mpya milioni 20 kwa shilingi 500. Pengo la wadhamini ni asilimia 4. Mawakili, wakaguzi, uchapaji na ada za soko ni shilingi milioni 150. Mauzo ghafi ni shilingi bilioni 10. Wadhamini wanabaki na milioni 400. Toa milioni 150 za gharama, na mapato halisi ni shilingi bilioni 9.45.

Haki ya mgao wa ziada ya asilimia 15 ikitumika, na hisa zote za ziada zikitoka kwa kampuni, zinaongezeka hisa milioni 3. Hizo ni bilioni 1.5 ghafi, toa milioni 60 za wadhamini, inaingia bilioni 1.44. Jumla inakuwa bilioni 10.89. Angalia kwamba zile milioni 150 hazikatwi tena, kwa sababu mawakili walikwisha kulipwa. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni mtu kuweka hisa za ziada ndani ya mapato ya kampuni kabla haijajulikana kama zitachukuliwa. Waraka wa matarajio makini hutoa namba mbili, ya kwanza bila haki hiyo na ya pili pamoja nayo.

Kosa la pili, kubwa zaidi, ni kusahau kuuliza nani anauza. Katika toleo la Safaricom muuzaji alikuwa Serikali ya Kenya. Wakenya waliopanga foleni, na wengine waliokopa, hawakuipelekea Safaricom mtaji hata shilingi moja. Fedha ilikwenda Hazina, na haikununua hata mnara mmoja wa simu. Hilo halikuwa siri wala kosa, lakini hubadilisha maana ya kununua, kwa kuwa kumpa mfanyabiashara mtaji wa kukuza duka si sawa na kununua sehemu ya duka kutoka kwa mbia anayeondoka.

Facebook ilikuwa mchanganyiko. Kati ya hisa 421,233,615, kampuni ilitoa milioni 180 tu. Zilizobaki, 241,233,615, sawa na asilimia 57, ziliuzwa na wanahisa wa zamani, wakiwemo wawekezaji wa awali. Mark Zuckerberg aliuza milioni 30.2, na waraka ulieleza kwamba sehemu kubwa ya fedha hiyo ingelipa kodi yake. Kila muuzaji alibeba pengo la wadhamini kwa hisa zake mwenyewe. Ndiyo maana si sahihi kuchukua dola milioni 176 zote na kuziondoa kwenye fedha za kampuni.

Kwa upande wa kampuni hesabu ni hii:

180,000,000 × 38 = 6,840,000,000

180,000,000 × 0.418 = 75,240,000

6,840,000,000 − 75,240,000 = 6,764,760,000

Kampuni iliripoti pia gharama nyingine za toleo za takriban dola milioni 7. Ukizitoa, inabaki takriban dola 6,757,760,000, ambazo taarifa zake ziliziandika kwa kifupi kuwa dola bilioni 6.8. Ile bilioni 16 ya vichwa vya habari imepungua zaidi ya nusu. Wanahisa waliouza waligawana dola 9,066,041,719, na hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa.

Katika vitabu vya kampuni, gharama hizi haziandikwi kama matumizi ya mwaka na hazipunguzi faida. Hukatwa moja kwa moja kwenye mtaji uliopokelewa. Hisa ya Facebook ilikuwa na thamani ya kuandikwa ya dola 0.000006, kwa hiyo hisa milioni 180 zilileta mtaji wa hisa wa dola 1,080 tu. Mabilioni yaliyobaki, baada ya kutoa pengo la wadhamini na gharama, yaliingia kwenye mstari wa fedha iliyolipwa juu ya thamani hiyo.

Tarehe 4 Septemba 2012 hisa ya Facebook ilifunga kwa dola 17.73. Aliyenunua kwa 38 siku ya kwanza alikuwa amepoteza zaidi ya nusu ya fedha yake, angalau kwenye karatasi, na siku 30 za haki ya wadhamini zilikuwa zimepita zamani. Bilioni 6.76 za kampuni hazikupungua hata senti kwa sababu ya anguko hilo. Zilikuwa benki tangu Mei.